Dola Iliyotawala kwa Wadhamini: Waothmani, Salonika na Kitambaa cha Askari

(Hotuba iliyotolewa Mombasa mbele ya walimu wa historia, wanafunzi na wazee waalikwa. Imewekwa hapa kamili kwa ajili ya waliokosa kufika. Ramani na picha zilizoonyeshwa ukutani zimeachwa.)

Mwenyekiti, wazee wetu mlioketi mbele, walimu wenzangu, wanafunzi, asalaam aleikum. Na ndugu zetu wa imani nyingine mlio nasi, hamjambo na karibuni.

Kila mwanafunzi aliyemo humu anajua kwamba Wareno walianza kuijenga Ngome ya Yesu mwaka 1593. Lakini walimwogopa nani? Mmoja wa watu waliowanyima usingizi ni Mir Ali Bey, nahodha wa Dola ya Uthmaniya, aliyeshuka pwani hii kutoka Bahari ya Shamu katika miaka ya 1580, akapokelewa na miji iliyokuwa imechoshwa na Wareno, na mwishowe akaangukia mikononi mwao hapa hapa Mombasa mwaka 1589. Nimemtaja kwa jambo moja tu. Mwaka ule ule wa 1589, askari wa sultani wake walikuwa wameizunguka ikulu ya Istanbul wakidai vichwa vya watu wawili. Vichwa hivyo nitavirudia.

Leo nimeombwa nieleze dola hiyo ilivyotawala watu wa dini nyingi, na kwa nini ilidhoofika polepole. Dola iliyoanza mwishoni mwa karne ya 13 kama ukoo mdogo wa wapiganaji kaskazini-magharibi mwa Anatolia, ikafutwa usultani wake tarehe 1 Novemba 1922. Zaidi ya miaka mia sita! Ndani yake mlikuwa na Waturuki, Waarabu, Wagiriki, Waserbia, Waarmenia, Wabulgaria, Waalbania, Wakurdi, Wayahudi na wengine. Siwezi kuwamaliza wote, na sitajaribu. Nitashika mji mmoja, Salonika, bandari iliyoko kaskazini mwa Ugiriki ya leo, na bidhaa moja, kitambaa cha sufu. Tukikifuata kitambaa hicho tutaiona dola ikiwa na nguvu, na tutaiona ikichoka.

Kwanza, nguvu ilitoka wapi?

Tuanze na Istanbul. Sultani Mehmed wa Pili aliuteka mji huo, wakati ule ukiitwa Konstantinopoli, tarehe 29 Mei 1453. Alikuwa na miaka 21. Mji ulikuwa umeporwa, watu wametekwa, nyumba ziko wazi. Sasa jiulizeni: kijana yule alihitaji nini? Alihitaji watu warudi, walipe kodi, wasimkaribishe Papa wa Roma na majeshi ya Ulaya. Akamtafuta mtawa mmoja msomi, Gennadios Scholarios, ambaye miaka mingi alikuwa amepinga kanisa la Wagiriki kuungana na Roma. Wakamkuta Edirne, mateka katika nyumba ya bwana mmoja. Akaletwa, na Januari 1454 mateka huyo akatawazwa kuwa patriaki wa Wakristo wa Othodoksi, kwa idhini ya sultani Mwislamu.

Mnaona biashara iliyofanyika pale? Patriaki alipewa mamlaka juu ya makasisi wake, makanisa yake, ndoa na mirathi ya waumini wake. Kwa upande wake, alimhakikishia sultani utiifu wa watu wake. Alikuwa mdhamini. Neno hilo naomba mlishike, kwa sababu hotuba yangu yote inalizunguka. Dola ya Uthmaniya haikuwa na polisi wala makarani wa kutosha kumfikia kila mtu mlangoni kwake, na hakuna dola ya wakati ule iliyokuwa nao. Ilichokuwa nacho ni wadhamini: patriaki, askofu, rabi, mkuu wa chama cha mafundi, shekhe wa kabila, mzee wa kijiji. Kila mmoja alisimama kati ya dola na watu wake, akiwasemea huku na akijibu kwa ajili yao kule.

Vitabu vingi vya shule huchora mchoro safi: Wagiriki hapa, Waarmenia pale, Wayahudi kule, kila jamii na mkuu wake, yote yakipangwa siku moja mwaka 1454. Mchoro huo msiuamini sana. Mpango wa kitaifa wenye ngazi zilizo wazi ulikomaa baadaye sana. Kwa karne kadhaa mambo yalipangwa mji kwa mji, jamii kwa jamii, na karatasi ya jana ilihitaji kuthibitishwa tena kila alipoingia sultani mpya. Ulikuwa utawala wa mapatano, na mapatano hayakomi.

Palikuwa na kadhi pia. Sisi watu wa pwani tunaijua mahakama ya kadhi, lakini kadhi wa Waothmani alikuwa na kazi pana kuliko tuliyoizoea. Alisajili mauzo ya nyumba, alikagua bei sokoni, alipokea amri kutoka Istanbul na kuzisoma hadharani, na mlango wake ulikuwa wazi kwa watu wote. Sijili za mahakama zile zimebaki kwa maelfu, na ndani yake tunawakuta Wakristo na Wayahudi wakija kwa hiari yao kusajili deni, kudai mirathi, hata kuvunja ndoa. Mwanamke wa Kikristo aliyeona kanisa halimpi talaka, au ndugu zake wanamnyima urithi, alijua njia ya kwa kadhi. Makasisi na marabi walinung'unika na kuwakataza, nao waliendelea kwenda.

Lakini tusipake rangi ya dhahabu, ndugu zangu. Ilikuwa haki ya watu wasio sawa. Asiye Mwislamu alilipa jizya. Ushahidi wake dhidi ya Mwislamu haukukubaliwa mbele ya kadhi. Kujenga kanisa jipya kulihitaji ruhusa, na zilitoka amri za kuamua avae rangi gani na asipande farasi, ingawa mara nyingi amri hizo zilirudiwa kwa kuwa hazikufuatwa. Ukiniuliza kama hali hiyo ilikuwa bora kuliko Hispania ya mwaka 1492, nitasema ndiyo, tena bila kusita. Ukiniuliza kama ilikuwa usawa, nitasema hapana, na wao wenyewe hawakudai kuwa ni usawa.

Hispania ndiyo inayotupeleka Salonika.

Mwaka 1492 wafalme wa Hispania waliwaambia Wayahudi wao: batizweni au ondokeni. Sultani Bayezid wa Pili aliwafungulia bandari zake. Kwa nini? Huruma inawezekana ilikuwepo, lakini hesabu ilikuwepo bila shaka. Salonika, iliyotekwa na Waothmani mwaka 1430, ilikuwa haijajaa tena watu. Waliokuja walikuwa mafundi, waganga, wachapaji na wafanyabiashara. Katika kizazi kimoja Wayahudi wakawa zaidi ya nusu ya wakazi wa mji, na wakaendelea kuzungumza Kihispania chao kwa miaka zaidi ya mia nne. Walijipanga kwa masinagogi kufuata kule walikotoka: Kastilia, Aragoni, Katalonia, Lisboni, Sisilia. Kila sinagogi lilikuwa na rabi wake, mfuko wake wa maskini na hesabu yake ya kodi. Yaani wadhamini wadogo chini ya wadhamini wakubwa.

Na walijua kufuma sufu. Nyuma ya Salonika kuna nyanda za malisho za Makedonia, kondoo tele. Wageni wale walileta ustadi wa Hispania wa kusokota, kufuma, kukanyaga kitambaa majini hadi kiwe kizito, na kukitia rangi. Dola nayo ilikuwa na jeshi la kuvisha. Askari wa miguu wa sultani, Yanisari, walipewa kila mwaka kitambaa cha sufu cha kushonea sare, na kitambaa hicho kikawa kinatoka Salonika.

Sasa nisikilizeni kisa cha Rabi Moshe Almosnino. Mwaka 1566 wakuu wa Wayahudi wa Salonika walimtuma Istanbul pamoja na wajumbe wenzake. Nia yao ilikuwa kupata hati mpya ya sultani, maana kodi za ziada zilikuwa zinaongezeka na karatasi zao za kinga hazikutosha. Wakafika mwaka mbaya: Sultani Suleiman alifariki vitani Hungaria mwaka ule ule, na mambo yote yakaanza upya chini ya mwanawe, Selim wa Pili. Almosnino akakaa Istanbul, akabisha mlango huu na ule, akatafuta wakubwa wa kumsemea, akangoja. Mwaka 1568 akaipata hati.

Ilisemaje? Wayahudi wa Salonika watalipa sehemu kubwa ya deni lao kwa dola kwa kitambaa cha jeshi. Wataondolewa mizigo kadhaa ya dharura ambayo maofisa wa mkoa walipenda kuwatwika. Na wakati wa kukata manyoya ya kondoo, wao watanunua sufu kwanza, kabla ya mnunuzi mwingine yeyote.

Hebu tuitazame kwa jicho la karani wa hazina. Hatumi mtoza kodi hata mmoja kwenye mitaa ya Wayahudi. Hajengi kiwanda. Baraza la jamii linagawa mzigo lenyewe, linanunua sufu, linawapa wafumaji, linakagua marobota, na ujumbe unayasindikiza hadi Istanbul. Jeshi linavaa. Huo ndio utawala wa Waothmani ukiwa katika ubora wake: wa gharama ndogo na wenye kubadilika, na kila upande una sababu ya kuutaka uendelee.

Kabla sijageuka, sitawatendea haki nisipotaja njia ya pili ya kuwaingiza watu wa imani nyingine katika dola, nayo ni chungu. Kila baada ya miaka kadhaa maofisa walipita vijiji vya Wakristo wa Balkani wakichukua wavulana, takriban mmoja kwa kila kaya arobaini. Walisilimishwa, wakafundishwa, wengi wakawa Yanisari, wachache wakapanda hadi ikuluni. Sheria yenyewe ya Kiislamu inakataza kumfanya mtumwa dhimi, yaani asiye Mwislamu aliye chini ya ulinzi wako, na wanazuoni waliokuwa na shaka walikuwepo. Dola ikaendelea tu. Mmoja wa wavulana hao alitoka kijiji kilicho karibu na Višegrad, Bosnia. Tunamjua kwa jina la Sokollu Mehmed Pasha. Alikuwa waziri mkuu tangu 1565 hadi alipouawa 1579, chini ya masultani watatu mfululizo. Hakusahau kwao: mwaka 1557, akiwa tayari mmoja wa mawaziri, kanisa la Waserbia lilirudishiwa patriaki wake mjini Peć, na aliyepewa kiti hicho ni jamaa yake wa damu, Makarije. Alijenga pia daraja la mawe juu ya mto Drina pale Višegrad, na daraja lipo. Ndugu mmoja waziri mkuu wa dola ya Kiislamu, mwingine patriaki! Mama waliochukuliwa watoto wao sidhani kama walifarijika kwa hilo, na idadi kubwa ya wavulana haikuwa mawaziri.

Haya. Pili: kwa nini ilidhoofika?

Mtasikia hadithi ya zamani: Suleiman alipokufa mwaka 1566, wakaja masultani walevi, wanawake wa nyumba ya ndani wakashika hatamu, dola ikaoza. Mimi hadithi hiyo siitaki. Dola inayoanza kuoza mwaka 1566 inawezaje kuishi miaka mingine 350 na zaidi, na kuuzingira mji wa Vienna kwa mara ya pili mwaka 1683? Walevi walikuwepo, lakini ulevi hauelezi. Chanzo tukitafute kwenye pesa na kwenye bunduki.

Vita vilibadilika. Jeshi la zamani la Waothmani lilikuwa na wapanda farasi wengi waliopewa haki ya kukusanya kodi ya vijiji fulani badala ya mshahara. Hazina haikutoa fedha, vijiji viliwalisha. Lakini mbele ya bunduki za Austria, mpanda farasi mwenye mkuki alikuwa na thamani ndogo. Walihitajika watu wa miguu wenye bunduki, na hao wanataka mshahara wa fedha taslimu kila miezi mitatu. Yanisari walikuwa karibu 13,000 siku Suleiman alipokufa. Mwanzoni mwa karne ya 17 walikuwa wamepita 35,000. Nani atawalipa? Na nani atawavisha?

Wakati huo huo bei zilikuwa zinapanda sehemu zote za bahari ya Mediterania, huku fedha ya migodi ya Amerika ikimwagika kupitia Hispania. Hazina ya Istanbul ikabanwa. Mwaka 1585 na 1586, vita na Waajemi vikiendelea, serikali ikafanya jambo ambalo serikali hufanya zikibanwa: ikaipunguza sarafu. Kipande cha fedha kilichokuwa kinatoa sarafu ndogo 450 zilizoitwa akche kikaanza kutoa 800. Sarafu ya dhahabu iliyonunuliwa kwa akche 60 ikafika 120. Aliyelipwa mshahara wa akche alilala na mshahara mzima akaamka na nusu.

Ndiyo maana ya vichwa vile viwili. Mwaka 1589 askari walilipwa kwa sarafu mbovu, wakaandamana hadi ikuluni, wakamdai gavana wa Rumelia, yaani mikoa ya dola iliyoko Balkani, kipenzi wa Sultani Murad wa Tatu, pamoja na mweka hazina. Sultani akawatoa. Wakauawa. Askari wakajifunza somo, na somo hilo hawakulisahau kwa miaka 237.

Turudi kwenye kitambaa. Jeshi limekua karibu mara tatu, kwa hiyo kitambaa kinachodaiwa Salonika kimeongezeka. Sufu imepanda bei, kwa sababu wanunuzi wa Venisi na wengineo wako tayari kulipa zaidi, na haki ya kununua kwanza haina maana kubwa ikiwa mfugaji anauza usiku kwa mwingine. Kitambaa cha Waingereza kimeingia sokoni, cha bei nafuu, kwa hiyo mfumaji wa Salonika hawezi kufidia hasara ya jeshini kwa faida ya sokoni. Hati ya Almosnino iliyokuwa ngao imegeuka kitanzi. Wafumaji wakaanza kutoroka, wakaenda Izmir, Manisa, Bursa, popote ambapo deni la kitambaa haliwafuati. Na kila aliyetoroka alimwongezea mzigo aliyebaki, kwa kuwa jumla haikupunguzwa. Istanbul ikatoa amri warudishwe. Wengine walirudishwa, wengi hawakupatikana.

Baraza lilifanyaje? Lilipunguza nyuzi. Kitambaa kikawa chepesi, rangi ikawa dhaifu. Na katika miaka ya 1630, ujumbe wa Salonika ulipofikisha marobota Istanbul ukiongozwa na Rabi Yehuda Kovo, askari walilalamika, na Sultani Murad wa Nne akaamuru rabi yule auawe.

Naomba tusimame hapo kidogo. Miaka isiyofika sabini kabla, rabi wa Salonika alikwenda Istanbul akarudi na hati ya kitambaa. Sasa rabi wa Salonika anakwenda na kitambaa, anapoteza maisha. Dini ya sultani haikubadilika, wala sheria juu ya Wayahudi. Mkataba ulikuwa ule ule wa udhamini. Kilichobadilika ni kwamba mdhamini ametwikwa mzigo usiobebeka, naye hawezi kuukataa kwa kuwa shingo yake ndiyo rehani.

Je, dola haikuona? Iliona sana. Wapo maofisa walioandika nasaha kwa masultani wakieleza kila ugonjwa. Shida ilikuwa kwamba kila dawa ilimgusa mtu ambaye dola inamtegemea. Osman wa Pili, kijana wa miaka 17, alitaka kujenga jeshi jipya kutoka Anatolia na kuwaacha Yanisari kando. Alitangaza kwamba anakwenda Hija. Yanisari wakaelewa safari yenyewe ni ya nini. Wakamwondoa na kumuua, mwaka 1622. Sultani kuuawa na askari wake mwenyewe!

Baada ya hapo ikawa kazi ya kununua muda. Hazina ilipotaka fedha haraka, iliuza haki ya kukusanya kodi: mtu analipa mbele, kisha anakwenda mkoani kujirudishia. Mwanzoni aliuziwa kwa miaka michache, naye akaikamua ardhi kwa kuwa si yake. Mwaka 1695 wakajaribu kurekebisha kwa kuuza haki hiyo kwa maisha yote ya mnunuzi, wakitumaini ataitunza. Wazo halikuwa la kijinga. Lakini lilizaa familia kubwa za mikoani zenye mapato yake, askari wake na mahakimu wake wa kuhonga, na sultani akawa anaomba pale alipokuwa anaamuru. Yanisari nao wakawa wenye maduka, waokaji, wapagazi. Hati za mishahara yao zikauzwa na kununuliwa mikononi kama hisa. Ukitaka kuvunja jeshi lile, unavunja soko la Istanbul pamoja nalo. Ndiyo maana ilichukua hadi Juni 1826 Mahmud wa Pili alipozielekeza bunduki kubwa kwenye kambi zao na kuwamaliza. Na siku hiyo ile kodi ya kitambaa ya Salonika ikakosa wa kuvaa.

Jambo la tatu nitalisema kwa ufupi zaidi, ingawa ndilo mlilokuwa mnalingoja. Wadhamini walipata mabwana wengine.

Tangu karne ya 16 wafanyabiashara wa Ulaya walipewa kinga: ushuru mdogo, na kesi zao kuamuliwa na mabalozi wao. Dola ilizitoa ikiwa na nguvu, kama hisani. Katika karne ya 18 mabalozi wakaanza kuuza vyeti vya kinga kwa raia wa sultani, hasa Wakristo na Wayahudi. Mfanyabiashara Mgiriki wa Izmir au Halab akawa analipa ushuru wa Mfaransa, na jirani yake Mwislamu analipa zaidi katika nchi yake mwenyewe. Selim wa Tatu alijibu vipi? Aliamua na yeye awauzie raia wake vyeti vya aina hiyo hiyo! Mfalme anauza kinga dhidi ya serikali yake. Msicheke, hakuwa na njia nyingi.

Kisha Urusi. Mkataba wa Küçük Kaynarca wa mwaka 1774 uliwapa Warusi maneno ambayo baadaye waliyatumia kudai haki ya kuwasemea Wakristo wote wa Othodoksi. Na mwaka 1821 Wagiriki wakaasi. Patriaki Gregori wa Tano aliwalaani waasi na kuwatenga na kanisa. Alifanya yote ambayo mdhamini angeweza kufanya. Haikumsaidia. Jumapili ya Pasaka alinyongwa kwenye lango la patriaki, mtaa wa Fener, Istanbul. Kwa mantiki ya mwaka 1454 alikuwa ameshindwa kazi: watu aliowadhamini wameasi. Kwa mantiki mpya ya mwaka 1821, waasi wale hawakujiona tena watu wa patriaki. Walijiona Wagiriki. Lango lile limefungwa hadi leo.

Serikali ikabadilisha njia. Amri ya 1839, kisha ya 1856, zikatangaza kwamba raia wote ni sawa. Jizya ikafutwa. Sasa niambieni, nani alifurahi? Mwislamu wa kawaida aliona ameporwa nafasi aliyoipigania babu yake, na bado ndiye anayepelekwa jeshini, kwa kuwa asiye Mwislamu alilipa kodi badala ya utumishi. Maaskofu nao walihofia mamlaka yao juu ya waumini. Na vijana wa Kibulgaria na Kiserbia hawakutaka usawa ndani ya dola, walitaka dola yao. Usawa ulikuja wakati hakuna kundi linalouamini, na ulikuja kwa mkopo: deni la kwanza la nje lilichukuliwa mwaka 1854, dola ikashindwa kulipa mwaka 1875, na mwaka 1881 wakopeshaji wa Ulaya wakaunda ofisi ndani ya Istanbul ya kukusanya moja kwa moja mapato ya chumvi, tumbaku, stempu na pombe. Tazameni hapo mkusanyaji wa kodi amekuwa nani.

Mwisho wa njia hii unatisha, na mwalimu hapaswi kuuruka. Kadiri Wakristo wa Balkani walivyojitenga, ndivyo mamia ya maelfu ya Waislamu walivyofukuzwa kutoka huko na kutoka Kaukasia, wakaingia Anatolia na vidonda vyao. Watawala wa mwisho waliacha kabisa wazo la wadhamini wengi. Mwaka 1915 Waarmenia, jamii iliyokuwa imetumikia dola ile kwa karne nyingi, walihamishwa kwa nguvu na kuuawa kwa mamia ya maelfu. Wanahistoria wengi wanayaita mauaji ya kimbari, na mimi pia.

Na Salonika? Mapinduzi ya 1908, ya maofisa waliodai katiba irudishwe, yalianzia Makedonia na kushangiliwa kwanza Salonika. Makasisi, marabi na mashekhe walikumbatiana barabarani. Miaka minne baadaye, katika Vita vya Balkani, jeshi la Ugiriki liliingia mjini, na mji uliokuwa wa Waothmani tangu 1430 ukatoka mikononi mwao. Viongozi wa Kiyahudi, waliokuwa bado jamii kubwa kuliko zote mjini, walipendekeza kwa mataifa ya Ulaya kwamba Salonika iwe mji huru wa kimataifa, usiwe wa taifa lolote. Walikuwa wanatafuta mdhamini. Hakupatikana. Kuanzia 1923 Waislamu wa mji ule walipelekwa Uturuki kwa mkataba wa kubadilishana watu, na Wagiriki wa Anatolia wakaletwa mahali pao.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Walimu wanaotaka kuuliza juu ya Mir Ali Bey na Wazimba, wale wapiganaji waliotoka bara, waanze wao, kwa maana najua ndilo swali la Mombasa.